SUMIF yenye nyota: jumla inapogoma, inapopungua na inapozidi

Kila mwisho wa muhula naletewa faili moja au mawili ya Excel yenye malalamiko yaleyale: "Fomula inadanganya." Mwenye faili anataka kujumlisha kiasi cha mistari ambayo maelezo yake yana neno fulani, tuseme "ada", lakini anapata sifuri, au namba isiyofanana na risiti. Fomula hiyo haidanganyi. Inafanya kile ilichoandikiwa, na makosa yenyewe ni machache yanayojirudia. Nitayapitia kwa dalili, kuanzia yale ninayokutana nayo mara nyingi.

Tutumie kitabu hiki kidogo cha mapato ya shule. Safu B ni maelezo, safu C ni kiasi kwa shilingi:

```
     B                            C
2    Ada darasa la 1              150000
3    Mauzo ya madaftari            42000
4    ADA darasa la 4              180000
5    Msaada wa wazazi              60000
6    Malipo ya ada, darasa la 2   150000
7    Nauli ya basi                 35000
8    Salio la ada                  70000
```

Ukihesabu kwa kidole, ada ni mistari minne (wa 2, wa 4, wa 6 na wa 8), jumla 550,000. Shika namba hiyo. Fomula ambayo wengi huiandika ni hii:

```
=SUMIF(B2:B8,"*ada*",C2:C8)
```

Isome hivi: angalia B2 hadi B8, kila penye "ada" chukua kiasi cha mstari huohuo katika C, kisha jumlisha. Nyota inasimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi, chache au zisiwepo kabisa. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja tu, wala si pungufu. Herufi kubwa na ndogo kwake ni sawa, kwa hiyo "ADA" ya mstari wa 4 inaingia bila shida.

Kabla ya kugusa chochote, andika fomula hii pembeni, ndani ya nukuu ukiweka kilekile ulichoandika kwenye SUMIF yako:

```
=COUNTIF(B2:B8,"*ada*")
```

Inahesabu mistari inayokubalika bila kujali pesa. Ikitoa 0, tatizo liko kwenye neno unalotafuta au kwenye maelezo. Ikitoa idadi ya mistari uliyoitarajia halafu SUMIF ikatoa sifuri au pungufu, anza kukagua safu ya kiasi. Hatua hii moja inakuokolea nusu saa, na ajabu ni kwamba karibu kila anayeniletea faili hajaifanya.

Dalili ya kwanza: jumla ni 0

Sababu inayoongoza ni nyota kutokuwepo. Ukiandika `"ada"` bila nyota, unaiambia Excel itafute seli yenye neno "ada" peke yake, si zaidi. Kwenye kitabu chetu hakuna seli ya namna hiyo, ndiyo maana inatoka sifuri. Watu hubisha: "Lakini mwenzangu alinitumia fomula na ndivyo nilivyoiandika." Muulize alitumiwaje. Mara nyingi ilikuja kwa WhatsApp, na WhatsApp ikiona nyota mbili zimezunguka neno hulifanya neno hilo kuwa herufi nzito na kuzificha nyota zenyewe. Anayesoma kwenye simu huku akiandika kwenye kompyuta haoni nyota yoyote, anaona tu "ada" imekolezwa wino. Fomula za namna hii zitume kwa picha ya skrini au ndani ya faili.

Sababu ya pili ni kuweka anwani ya seli ndani ya alama za kunukuu. Mtu ameandika neno lake kwenye D1 ili awe analibadilisha, kisha fomula akaiandika na `"*D1*"`. Hapo Excel inatafuta maelezo yenye herufi D na tarakimu 1, haiendi kusoma kilichomo kwenye seli D1. Nyota zibaki ndani ya nukuu, anwani itoke nje, na vipande viunganishwe kwa alama ya &:

```
=SUMIF(B2:B8,"*"&D1&"*",C2:C8)
```

Ya tatu ni mpangilio. SUMIF inataka safu ya maelezo kwanza na safu ya kiasi mwisho. SUMIFS, ile ya masharti mengi, inataka kinyume: kiasi kinatangulia. Aliyezoea moja akihamia nyingine hujichanganya. Ukiipa SUMIF safu ya C mahali pa B, italitafuta neno "ada" ndani ya namba, ikose, na ikurudishie sifuri kimyakimya.

Namba yenyewe ina mkasa wake: nyota haiigusi. Kama safu ya maelezo ina namba za risiti, mfano 20451, na wewe umeandika `"*204*"` ukitarajia zote zenye 204, utapata sifuri, kwa sababu nyota hufanya kazi kwenye maandishi tu. Tarehe nayo ni namba iliyovaa nguo. Hata kama skrini inakuonyesha "Machi", `"*Machi*"` haitaipata. Kwa namba za risiti, fungua safu ya pembeni, andika `=B2&""` na uivute hadi chini, kisha elekeza SUMIF kwenye safu hiyo. Kwa tarehe achana na nyota. Tumia SUMIFS yenye sharti la kuanzia siku fulani na jingine la kuishia siku fulani.

Kama unatumia LibreOffice Calc na COUNTIF inatoa 0 ingawa kila kitu umekiandika sawasawa, nenda `Tools > Options > LibreOffice Calc > Calculate` uangalie kama `Enable wildcards in formulas` imechaguliwa. Isipochaguliwa, nyota yako haina maana uliyoikusudia. Kwenye Google Sheets hakuna swichi ya namna hiyo, nyota inafanya kazi moja kwa moja.

Dalili ya pili: jumla ni pungufu

Anza kwa kuangalia namba iliyotoka, maana yenyewe hukuambia kosa. Kwenye kitabu chetu, ukipata 330,000 umeweka nyota upande wa kulia tu, `"ada*"`, yaani umetaka maelezo yanayoanza na "ada". Ukipata 70,000 umeiweka kushoto tu, `"*ada"`, na umechukua yanayoishia na "ada", ambayo ni "Salio la ada" peke yake.

Ukipata 390,000, hiyo ndiyo iliyowahi kunikalisha jioni nzima. Neno lilikuwa kwenye D1, nyota ziko mahali pake, fomula safi. Kumbe aliyeandika "ada" kwenye D1 alibonyeza nafasi mara moja baada ya herufi ya mwisho. Sharti likawa "ada" pamoja na nafasi. Mstari wa 6 una koma baada ya "ada", wa 8 unaishia hapohapo, na yote miwili ikaachwa. Wakati huohuo "Msaada wa wazazi" ukapenya, maana baada ya "msaada" kuna nafasi. Ukikagua kwa macho huoni kitu. Dawa ni kuandika `TRIM(D1)` badala ya `D1` ndani ya fomula, nayo itafyeka nafasi za mwanzo na mwisho.

Lakini upungufu mwingi wa huku kwetu unatokana na kiasi kilichoandikwa kama tulivyozoea kwenye risiti: 150,000/= au TSh 150,000. Kwa Excel hayo ni maandishi, na SUMIF huyaruka bila kusema neno. Seli chache za namna hiyo zikiwa katikati ya namba safi, jumla inapungua kwa kiasi hichohicho. Ukaguzi rahisi: kama hukubadilisha mpangilio wa seli, namba hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto. Ukaguzi wa uhakika ni kulinganisha fomula hizi mbili:

```
=COUNTA(C2:C8)
=COUNT(C2:C8)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye chochote, ya pili zenye namba tu. Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo idadi ya seli zenye maandishi. Chagua safu ya C, bonyeza Ctrl+H, tafuta `/=`, sehemu ya kubadilishia iache tupu, ubadilishe zote. Fanya hivyohivyo kwa `TSh`. Zikigoma bado kuwa namba, huenda safu ilipangwa kuwa `Text`. Irudishe kwenye `General`, kisha nenda `Data > Text to Columns` na ubonyeze `Finish` moja kwa moja. Taarifa zilizopakuliwa kwenye mtandao wakati mwingine huja na nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiitambui. Hiyo huondolewa kwenye safu ya pembeni hivi:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),""))
```

Na hapa kwenye Ctrl+H, simama kwanza. Kisanduku hicho nacho kinaijua nyota. Mwaka fulani nilikuwa na maelezo ambayo mtu aliwawekea nyota wenye madeni, mfano "Ada darasa la 3 *". Nikataka kuziondoa. Nikaandika `*` kwenye sehemu ya kutafuta, sehemu ya kubadilishia nikaiacha tupu, nikabofya `Replace All`. Safu nzima ya maelezo ikawa nyeupe, kwa kuwa nyota maana yake ni "chochote". Ctrl+Z ingeniokoa, ila nilikuwa nimeshahifadhi na kufunga kabla sijatazama juu. Nyota yenyewe kama nyota hutafutwa kwa kutanguliza kiwimbi: `~*`. Hata kwenye SUMIF ni hivyohivyo: anayetaka jumla ya maelezo yenye alama ya nyota ataandika `"*~**"`, na wa alama ya kuuliza ataandika `"*~?*"`.

Bado ni pungufu? Angalia kama mistari mipya imeongezwa chini ya mstari wa 8 huku fomula ikiishia palepale. Halafu angalia kama masafa mawili yanaanza mstari mmoja. Ukiandika B2:B8 na C3:C9, SUMIF haitalalamika, ila itachukua kiasi cha mstari wa chini yake kila mara. Kosa hili ni la hatari kwa sababu jumla inayotoka hufanana na kitu cha kweli, wakati mwingine hata ni kubwa.

Dalili ya tatu: jumla imezidi

Fomula yetu ya mwanzo ilitoa 652,000 badala ya 550,000. Zilizozidi ni 102,000, na ukitazama kitabu utaziona: 42,000 za "Mauzo ya madaftari" na 60,000 za "Msaada wa wazazi". Neno m-ADA-ftari lina "ada" tumboni, na msa-ADA vilevile. Nyota haijui mpaka wa neno, inajua mfuatano wa herufi tu. Kiswahili kwa viambishi vyake kinalizidisha hilo: ukitafuta "kodi" ya pango utaokota "Kukodi bodaboda", ukitafuta "maji" utaokota "Majiko ya mkaa", na "Sadaka" nayo ina "ada" ndani.

Kuona nani ameingia bila mwaliko, weka kichujio kwenye safu B, andika "ada" kwenye kisanduku cha kutafutia, na usome orodha itakayobaki. Hakuna ukaguzi unaoshinda kusoma.

Wageni wakiwa wachache na unawajua, wazuie kwa jina:

```
=SUMIFS(C2:C8,B2:B8,"*ada*",B2:B8,"<>*mada*",B2:B8,"<>*saada*")
```

Kwenye kitabu chetu hii inatoa 550,000. Udhaifu wake ni kwamba siku mtu akiandika "Ada na madaftari" kwenye mstari mmoja, mstari huo wote utatupwa. Na kila neno jipya lenye "ada" litakudai sharti jipya. Mimi huitumia kwa kazi ya siku moja, si kwa kitabu cha mwaka.

Kwa kitabu cha mwaka, tafuta neno zima. Ujanja wake ni kuzungushia nafasi kila upande wa maelezo, kugeuza koma kuwa nafasi, kisha kutafuta "ada" yenye nafasi kushoto na kulia:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH(" ada ",
 " "&SUBSTITUTE(B2:B8,","," ")&" ")),C2:C8)
```

SEARCH inarudisha namba ya mahali neno linapoanzia kama lipo, na kosa kama halipo. ISNUMBER inageuza hilo kuwa ndiyo au hapana, na alama mbili za kutoa zinaigeuza kuwa 1 au 0. Kisha SUMPRODUCT inazidisha na kiasi na kujumlisha. "Madaftari" inakosa nafasi kabla ya "ada", inatoka. "Msaada" vivyo hivyo. "Malipo ya ada," inabaki kwa kuwa koma imeshageuka nafasi. Jibu ni 550,000. Waandishi wako wakipenda nukta au mabano, ongeza SUBSTITUTE nyingine juu ya hiyo. Usiielekeze kwenye safu nzima kama B:B, faili litaanza kukokota miguu.

Sababu ya pili ya kuzidi ni mstari wa jumla. Mtu ameandika "Jumla ya ada" chini kabisa ya safu B, na kiasi chake kwenye C. Maelezo hayo nayo yana "ada"! Ukitumia safu nzima, jumla inahesabiwa pamoja na vitu vyake, na jibu linakua karibu mara mbili. Fomula yenyewe ikiwa ndani ya safu C inayojumlishwa, Excel italalamika kwamba fomula inajirejelea, na huenda ikaonyesha 0. Toa jumla zote nje ya safu hizo, ziweke pembeni au karatasi nyingine.

Ya tatu: D1 ikiwa tupu, `"*"&D1&"*"` hubaki nyota mbili, na nyota mbili hukubali kila maelezo yenye maandishi. Kwetu ingetoka 687,000, yaani mapato yote. Kinga:

```
=IF(TRIM(D1)="","",SUMIF(B2:B8,"*"&TRIM(D1)&"*",C2:C8))
```

Ya mwisho ni kujumlisha maneno mawili kwa SUMIF mbili zenye alama ya kujumlisha katikati. Mstari wenye "Sare na ada" utahesabiwa kwenye "sare" na tena kwenye "ada". Tenganisha mstari huo kuwa miwili tangu unapoandika kitabu.

Onyo dogo hapa: ukilinganisha jumla yako na ile inayoonekana chini ya dirisha baada ya kuchuja, kumbuka SUMIF inahesabu hata mistari iliyofichwa, ilhali ya chini inahesabu inayoonekana tu. Kutofautiana kwake si lazima kuwe kosa.

Dalili ya nne: alama za makosa

`#NAME?`, au Excel kukataa kabisa kuipokea fomula, mara nyingi hutokana na nukuu zilizopinda, zile za kwenye Word. Zifute, uziandike upya kwa kibodi.

`#VALUE!` kwenye SUMIF mara nyingi maana yake data iko kwenye faili jingine ambalo limefungwa. Lifungue, kosa litaondoka. Kwenye SUMIFS, angalia kama masafa yana urefu sawa. Ikiwa sharti lako lina herufi zaidi ya 255, nalo hutoa kosa hilohilo, ingawa sijaona mtu wa kuandika neno refu hivyo kwa makusudi.

Kwa wenzetu wa Kongo na Burundi wenye Excel ya Kifaransa, jina ni `SOMME.SI` na vipande hutenganishwa kwa nukta mkato:

```
=SOMME.SI(B2:B8;"*ada*";C2:C8)
```

Namba isipobadilika hata baada ya kusahihisha, nenda `Formulas > Calculation Options` uchague `Automatic`.

Pa kuishia

Kuna sehemu sigusi, na wewe usiguse. Faili likiwa na nywila ya mtu mwingine, au safu ya maelezo inajazwa na mfumo wa malipo na si kwa mkono, mwite aliyeutengeneza. Ukisafisha maelezo leo, kesho mfumo utayaleta tena yaleyale. Ikiwa jumla yenye kosa ilishaingia kwenye ritani ya TRA au KRA, au kwenye taarifa iliyosainiwa na kamati, usiibadilishe namba kwenye faili ukanyamaza. Hifadhi nakala ya faili kama lilivyo, andika fomula sahihi kwenye karatasi mpya, na umpelekee mhasibu zote mbili pamoja na orodha ya mistari iliyoleta tofauti. Kwa kitabu chetu orodha hiyo ingekuwa na mistari miwili tu: wa 3 na wa 5.